"Sawa Madam" si jibu: kumkabidhi kazi mtu wa timu kwa barua pepe

*"Hujambo. Nasimamia idara ya hesabu yenye watu wanne katika kampuni ya vifaa vya ujenzi, Eneo la Viwanda, Nairobi. Kila mwezi, kabla ya ritani ya VAT, humwandikia K. barua pepe ya kumkabidhi kazi ya ankara za manunuzi. Hujibu 'Sawa Madam'. Siku ikifika ananiletea leja yote imenakiliwa kwenye Eksel, haionyeshi ni ankara zipi zina matatizo, na mimi ndiye hukesha nikizitafuta. Nikiandika kwa urefu naona nitakuwa nikimbana kama mtoto wa shule. Nikiandika kwa ufupi, kazi inaharibika. Je, nimnakili meneja ili K. aone uzito wa jambo? Ama nimpe tu barua ya onyo? Barua yangu ya mwisho ilikuwa hivi:*

*Mada: VAT. Hamjambo, tafadhali tumalizie ankara za Oktoba mapema iwezekanavyo kabla ya ritani. K., naomba uongoze hili. Mkikwama mnijulishe. Asanteni."*

Barua ya onyo iache mezani kwanza, nitaifikia. Nimeisoma barua yako kama ambavyo K. angeisoma, na ninaona alifanya ulichomwomba. "Kumalizia ankara" kwa karani wa hesabu kunaweza kuwa kuziingiza zote kwenye leja, kukusanya nakala zinazokosekana, au kuzilinganisha na orodha iliyo kwa KRA. Wewe ulikuwa na maana ya tatu kichwani. Yeye akachukua ya kwanza, ambayo ndiyo kazi yake ya kila siku, akaimaliza, akakuletea leja. Hapo huwezi kusema amekaidi.

Hofu yako ya kumbana nayo inatokana na kuchanganya mambo mawili. Kumbana mtu ni kumwambia aanze na faili gani, achuje safu ipi, ampigie muuzaji yupi kwanza na amwambie nini. Kumwambia utataka kuona nini mkononi mwako Ijumaa asubuhi ni jambo jingine kabisa, na ndilo linalomwachia nafasi ya kutumia akili yake kufika huko. Wasimamizi wengi hufanya kinyume: wananyamaza kuhusu matokeo kwa kuogopa kuonekana wakali, halafu kazi ikija vibaya wanashuka na maagizo ya hatua kwa hatua. Ukieleza matokeo vizuri mwanzoni, maagizo hayo huyahitaji.

Basi tuanze na matokeo, kwa sababu barua yako imeanguka hapo zaidi ya popote pengine. Usijiulize "K. afanye nini?" Jiulize wewe utafanya nini na kazi yake ukishaipokea. Kwa jinsi ninavyoijua kazi hii, utakaa mbele ya iTax, mtandao wa KRA wa kuwasilisha ritani, ukiwa na ritani ambayo tayari ina ankara zilizoingia kupitia eTIMS, mfumo wa KRA wa ankara za kielektroniki, na leja yenu pembeni. Ankara zinazopatana hazikuhusu tena. Unachohitaji ni zile zisizopatana tu, sababu ya kila moja, na kiasi cha VAT kilichomo. Kwa hiyo K. asikuletee leja. Akuletee jedwali ambalo kila mstari ni ankara moja yenye tatizo: jina la muuzaji, namba ya ankara, tarehe, bei kabla ya VAT, VAT, tatizo ni nini, na hatua iliyochukuliwa.

Nichukue ankara moja ili tuone. Mmenunua saruji ya shilingi 200,000, VAT ya asilimia 16 ni 32,000, jumla 232,000. Ankara iko kwenye leja yenu lakini haipo kwenye orodha ya iTax. K. anachukua nakala yake, anatazama PIN ya mnunuzi, na anaona tarakimu moja imekosewa. Muuzaji alituma ankara hiyo eTIMS, ila haikuwahi kuunganishwa na kampuni yenu. Kwenye jedwali anaandika: "PIN yetu imekosewa; nimempigia muuzaji Jumatano; ameahidi krediti noti na ankara mpya." Mstari huo mmoja unakutosha kuamua. Ankara iliyokwisha kutumwa eTIMS haifutwi kwa kalamu. Muuzaji hutoa krediti noti ya kuibatilisha, kisha hutoa ankara nyingine, na hiyo mpya mara nyingi itabeba tarehe ya Novemba. VAT yake haijapotea, maana sheria inaruhusu kuidai ndani ya miezi sita baada ya kipindi cha manunuzi. Ila kwa ritani ya Oktoba mna shilingi 32,000 zaidi za kulipa, na meneja lazima ajue mapema fedha hizo zitoke wapi. Linganisha na kupokea leja ya mamia ya mistari ambamo ankara hiyo imejificha kati ya nyingine zilizo safi. Kwenye Eksel zote mbili zinaonekana kazi nyingi, lakini moja ndiyo imekufanyia kazi.

Jambo moja zaidi kuhusu matokeo. Yawe kitu ambacho K. mwenyewe anaweza kukipima kabla hajakutumia. Hapa kipimo kipo, na ni cha hesabu ya kawaida: chukua jumla ya VAT iliyo kwenye leja, toa ya ankara zilizo kwenu tu, ongeza ya zile zilizo iTax tu, rekebisha zile ambazo viwango vinatofautiana, na unapaswa kufika kwenye jumla ya iTax. Ikibaki tofauti, bado kuna ankara haijapatikana. Ukimwandikia sentensi hiyo moja, hahitaji kukuuliza kama amemaliza. Namba zitamwambia. Bila kipimo, mtu huacha kazi anapochoka au siku inapofika, na yeye huona amemaliza kwa nia njema kabisa.

Sasa tarehe. "Mapema iwezekanavyo" haina siku, na "kabla ya ritani" ni tarehe ya KRA, si yako. Ritani ya VAT ya mwezi uliopita hudaiwa kufikia tarehe 20. Ukimwachia K. tarehe hiyo kichwani, atakuletea kazi tarehe 19 jioni na atakuwa hajakosea. Tarehe unayompa inapaswa kupatikana kwa kuhesabu kurudi nyuma kutoka pale unapoihitaji wewe.

Tuchukue Novemba 2025. Tarehe 20 ni Alhamisi. Hutaki kuwasilisha siku hiyo, kwa sababu wewe na mimi tunajua mtandao wa iTax unavyokuwa siku ya mwisho, kwa hiyo uwasilishe Jumatano tarehe 19. Kabla ya hapo meneja lazima aidhinishe malipo, na tuseme anataka kuona kiasi Jumatatu tarehe 17 kabla ya adhuhuri. Wewe unahitaji nusu siku ya kukagua jedwali na kuuliza maswali. Basi K. akuletee Ijumaa tarehe 14, saa nne asubuhi. Hapo ukigundua tatizo, mna mchana mzima wa Ijumaa kulishughulikia kabla watu hawajaondoka kwenda kwao wikendi.

Mwambie pia kwa nini ni Ijumaa. Maneno tisa tu: "Jumatatu meneja anahitaji kiasi cha kulipa ili apange fedha." Mtu anayejua sababu ya tarehe hujua pia ni wakati gani tarehe hiyo iko hatarini, na atakuja kukuambia Jumatano kwamba muuzaji fulani hashiki simu. Asiyeijua sababu huona Ijumaa ni tarehe ya Madam tu, na tarehe za Madam husogea.

Na saa iandike kwa namna isiyo na utata. Ofisi za Nairobi zina watu wanaosema "saa kumi" wakimaanisha jioni na wengine wanaosema hivyo hivyo wakisoma saa ya ukutani asubuhi. Andika "saa nne asubuhi (10:00)" na umalize ubishi.

Kabla ya kuituma hiyo tarehe, tazama K. ana nini kingine wiki hiyo. PAYE, yaani kodi ya mishahara, ya Oktoba hudaiwa kufikia tarehe 9 Novemba, ambayo mwaka huo ni Jumapili, kwa hiyo anayeshughulikia mishahara atataka kuimaliza Ijumaa tarehe 7. Ikiwa K. ndiye huyo huyo wa mishahara, barua yako ya tarehe 5 inamkuta amezama. Ataisoma, atajibu "Sawa Madam", na itazikwa chini ya nyingine thelathini. Ama umtumie Jumatatu tarehe 10 asubuhi, au umtumie mapema lakini useme wazi: "Maliza PAYE kwanza, hii anza nayo Jumatatu." Sentensi hiyo ni kazi yako wewe. Mtu wa chini hawezi kujipangia kipi kitangulie kati ya kazi mbili alizopewa na bosi mmoja, na akilazimika kuchagua ataanza na ile anayoijua.

Tarehe moja ya mwisho nayo haitoshi kwa kazi ya aina hii. Mpe kituo cha katikati kilicho karibu na mwanzo: mistari kumi ya kwanza ya jedwali, Jumatatu saa kumi jioni (16:00). Usimwombe "ripoti ya maendeleo", maana atakuandikia "Inaendelea vizuri." Mwombe kipande cha kazi yenyewe. Ukifungua mistari hiyo kumi utajua kwa dakika chache kama mmeelewana. Ikiwa ameorodhesha ankara safi pamoja na zenye matatizo, utaona. Ikiwa safu ya "tatizo" ameandika "haipo" kila mahali bila kutazama nakala, utaona. Kumrekebisha Jumatatu kunagharimu mistari kumi, na kumrekebisha Ijumaa ndiko kunakokufanya ukeshe. Katika yote niliyoandika hapa, hili ndilo ningeling'ang'ania ikiwa una nafasi ya kubadilisha jambo moja tu.

Nije kwenye "Mkikwama mnijulishe." Umeiandika kwa wema, na karibu kila msimamizi huiandika, lakini haifanyi kazi. Kijana anayekuita Madam anaona kukuuliza ni kukiri hajui, hasa jambo ambalo umelitaja kana kwamba ni dogo. Zaidi ya hayo, maswali mengi ya kazi hii wewe si mtu wa kuyajibu. Kama mzigo wa nondo ulifika stoo au haukufika, anayejua ni mtunza stoo. Kama bei ilipunguzwa kwa mdomo baada ya oda, anayejua ni wa ununuzi. Akikuuliza wewe, utamwuliza mwenzako, naye atakujibu kesho, na siku mbili zimekwenda.

Kwa hiyo taja nani wa kuulizwa nini. Na ukimtaja mtu, zungumza naye kwanza. Nimeona barua nyingi zinazosema "muulize W. wa ununuzi", na W. hana habari. K. anafika pale dirishani, W. anamwambia yuko na wateja, K. anarudi mezani kwake na hathubutu kwenda tena. Kumbe W. hakukataa, hakujua tu kwamba hiyo ni kazi yenye tarehe. Simu ya dakika mbili kutoka kwako kwenda kwa W., kabla ya barua, humfungulia K. mlango ambao cheo chake hakiwezi kuufungua. Muulize W. pia siku gani hayupo, na uiandike siku hiyo.

Sehemu ya pili ya "nani wa kuulizwa" ni mipaka ya maamuzi. K. anapaswa kujua ni lipi anaweza kuamua bila kumwuliza mtu. Kwa mfano: ankara yenye VAT isiyofika shilingi 2,000 na muuzaji hapatikani, aiweke kwenye orodha ya mwezi ujao na asonge mbele. Yenye VAT zaidi ya hapo, ampigie muuzaji. Zaidi ya 20,000, akuambie siku hiyo hiyo. Viwango ni vyenu kupanga, na duka dogo litaviweka chini ya hapo. Bila viwango, mfanyakazi mwangalifu atapoteza asubuhi nzima akifuatilia VAT ya shilingi 160 ya boksi la misumari, na asiye mwangalifu ataiacha ile ya 32,000.

Hebu sasa nikuandikie barua yenyewe, uone kwamba haiwi ndefu kama ulivyohofia.

*Kwa: K.*
*Nakala: W. (Ununuzi)*
*Mada: K. – jedwali la ankara zisizopatana, VAT ya Oktoba – Ijumaa 14/11 saa 4 asubuhi (10:00)*

*Hujambo K.,*

*Kama tulivyoongea asubuhi, naomba ulinganishe ankara zetu za manunuzi za Oktoba na zilizo kwenye iTax. Jumatatu tarehe 17 meneja anahitaji kujua kiasi cha VAT tutakacholipa, na zile zisizopatana ndizo zinazokibadilisha.*

*Ninachohitaji: jedwali la ankara zenye tatizo peke yake. Kila mstari uwe na muuzaji, namba, tarehe, bei kabla ya VAT, VAT, tatizo (haikutumwa eTIMS / PIN yetu haipo au imekosewa / kiasi kinatofautiana / iko iTax lakini haipo kwenye leja) na hatua uliyochukua. Chini kabisa onyesha hesabu inayotoka jumla ya leja hadi jumla ya iTax. Ikifika bila tofauti, umemaliza.*

*Tarehe: mistari kumi ya kwanza leo Jumatatu 10/11, saa 10 jioni (16:00), hata kama haijakamilika. Jedwali lote Ijumaa 14/11, saa 4 asubuhi (10:00). Kazi ya mafaili ya wadeni isubiri hadi wiki ijayo.*

*Wa kuuliza: kuhusu mzigo, oda na bei, W., ambaye nimeshaongea naye. Yupo hadi Jumatano, Alhamisi yuko Mombasa. Kuhusu leja na jedwali, mimi. VAT chini ya 2,000 na muuzaji hapatikani, iweke ya mwezi ujao bila kuniuliza. Zaidi ya 20,000, niambie siku hiyo hiyo kwa simu. Ukizunguka jambo moja zaidi ya nusu saa, uliza.*

*W., asante kwa kukubali kumsaidia K.*

*Tafadhali nijibu kwa maneno yako utakachoniletea leo jioni na Ijumaa, na kama kuna kitu kitakuzuia.*

Angalia mambo machache. Barua ina mpokeaji mmoja. Ya kwako ilianza na "Hamjambo", ikaenda kwa watu watatu, halafu ikamwambia mmoja "aongoze". Wengine wawili wakapumua. Kama kweli unataka wamsaidie, mpe K. kazi, kisha uwaambie wao kwa barua yao nini watamletea na lini. Mada nayo imebeba jina, kitu na saa, ili K. akitafuta "VAT" katikati ya wiki aipate hii badala ya barua zenu zote za miaka miwili zinazoitwa VAT.

Angalia pia kwamba barua inaanza na "kama tulivyoongea". Kazi mpya hukabidhiwa kwa mdomo kwanza, mezani kwake, dakika tano, na barua hufuata ili kuwe na kitu cha kurejea. Mkiongea utauona uso wake akisikia "krediti noti". Barua haionyeshi uso. Mkiongea tu bila barua nako kuna shida yake: Alhamisi kila mmoja atakuwa na kumbukumbu yake. WhatsApp naitumia kwa kukumbusha na kwa "muuzaji fulani amekataa", lakini maelekezo yenyewe yasikae huko, kwa sababu kufikia Jumatano yatakuwa juu kabisa, nyuma ya picha za harusi ya mtu wa stoo. Ukibadilisha kitu katikati, ukaongeza safu au kusogeza saa, jibu kwenye barua ile ile, ili maelekezo yote yabaki sehemu moja.

Kwa "Sawa Madam" usimkasirikie, ni adabu. Inamaanisha "nimeiona" na "nakuheshimu", haimaanishi "nimeelewa" wala "nitaweza". Ndiyo maana mstari wa mwisho unamwomba aseme kwa maneno yake. Akijibu tena "Sawa Madam", usimwandikie barua ya pili. Tembea hadi mezani kwake umwambie, "Nionyeshe mstari mmoja utakavyokuwa." Akiweza kujaza mmoja mbele yako, ataweza mia.

Kumnakili meneja: ningekushauri usifanye hivyo kwenye barua ya kukabidhi. Najua unataka K. aone uzito, lakini atakachoona ni mashahidi. Mtu anayejua bosi wa bosi anasoma haulizi swali la kijinga kwenye barua hiyo, na maswali ya kijinga ya Jumatatu ndiyo yanayookoa Ijumaa. Mnakili yule ambaye ana la kufanya, kama W. hapa. Meneja mwambie wewe mwenyewe kwamba Jumatatu saa fulani atapata kiasi. Nafasi ya kumnakili ipo pale tarehe imepita na fedha zimeguswa, na hata hapo umwambie K. kwanza kabla hajaliona jina la meneja pale juu.

Usiandike neno la siri la iTax ndani ya barua hii, hata kama ni njia ya haraka. Barua hupelekwa mbele, hubaki kwenye simu za watu walioondoka kazini, na ritani inayowasilishwa na mtu mwingine bado ni ya kampuni. Shusha orodha ya ankara mwenyewe uiambatishe. Ukishamkabidhi K. kazi, bado wewe ndiye utakayeulizwa ritani ikichelewa, na faini ya VAT kwa kuchelewa ni shilingi 10,000 au asilimia 5 ya ushuru unaodaiwa, kile kilicho kikubwa. Hiyo nusu siku yako ya ukaguzi usiiuze.

Barua ya namna hii itakuchukua muda mara ya kwanza. Mwezi ujao utabadilisha tarehe na majina. Kwa kazi ya dakika ishirini, kama kuchapisha taarifa ya benki, usiiandike kabisa. Mwambie kwa mdomo. Na K. akishakuletea jedwali safi miezi mitatu mfululizo, toa kile kituo cha Jumatatu, kwa sababu kuanzia hapo ndipo kitakuwa kumbana.

Kuna hali ambazo barua nzuri haitazitatua, na utazijua kwa mistari ile kumi. Ikija ikiwa na makosa yale yale hata baada ya kumwonyesha, huenda K. hajui kulinganisha orodha mbili kwenye Eksel, au haelewi VAT ya manunuzi inavyodaiwa. Hapo kaa naye asubuhi moja, mlinganishe ankara chache pamoja. Ikija nzuri lakini imechelewa, tazama mzigo wake, na uulize kama kuna bosi mwingine anayempa kazi usizozijua. Ikiwa wewe mwenyewe huna hakika ankara fulani inadaiwa au la, mshirikisheni mhasibu wa CPA mwenye leseni au wakala wenu wa ushuru, ana kwa ana, na nakala za ankara mezani. Jedwali la K. ndilo mtakalomwonyesha.

Kuhusu barua ya onyo: leo hii huna msingi wa kuiandika. Ukiulizwa alikosa agizo gani, utatoa barua inayosema "tumalizie ankara mapema iwezekanavyo". Mwandikie vizuri kwa miezi miwili au mitatu, hifadhi barua, majibu yake na alicholeta. Ikiwa bado hafanyi na umeshamfundisha, nenda kwa mtu wa rasilimali watu wa kampuni yenu, uso kwa uso, kabla hujaandika lolote. Onyo huweza kuishia kwenye kuachishwa kazi, na kifungu cha 41 cha Sheria ya Ajira ya 2007 kinataka mfanyakazi anayekaribia kuachishwa kwa utendaji duni aelezwe sababu kwa lugha anayoielewa, awe na mfanyakazi mwenzake au mwakilishi wa chama cha wafanyakazi anayemchagua mwenyewe, na asikilizwe. Kama kampuni yenu ni ndogo na haina mtu huyo, mwone wakili wa masuala ya ajira kwa saa moja, ukiwa na barua zote zimechapishwa kwa mpangilio wa tarehe.